Laki Nne za Influensa Zinarudi Vipi?

Ujumbe wa kwanza huwa mfupi. "Habari dada, posti moja na stori tatu ni laki nne. Mzigo unatuma kwa bodaboda." Anayeupokea ni mama anayetengeneza mafuta ya nywele nyumbani kwake Sinza. Anauza chupa kumi kwa wiki, wengi wa wateja wake wakiwa ni watu wanaoelekezana wenyewe kwa wenyewe. Anayeuandika ni dada anayezungumzia nywele za kipilipili huko Instagram, mwenye wafuasi 42,000. Kuna wanaolipa papo hapo kwa sababu idadi ya wafuasi imewatisha, na kuna wanaokataa papo hapo kwa sababu bei imewatisha. Wote wameamua kabla ya kupiga hesabu.

Mama huyu na dada huyu ni mfano nilioutunga, na tarakimu zao pia. Hata hivyo anayeuza vipodozi mtandaoni atajiona humu, awe Dar es Salaam, Mombasa au Arusha.

Tuanze na wafuasi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Wafuasi 42,000 si watu 42,000 watakaoliona tangazo. Kila mwenye akaunti ya kitaalamu Instagram anaziona takwimu zake: waliotazama, miji wanakoishi, wanawake wangapi, umri gani. Mwombe skrinshoti za takwimu hizo kabla ya kuzungumza bei. Anayeifanya kazi hii kwa uaminifu huzituma bila kununa. Kwa dada wetu zinaonyesha kwamba stori zake hutazamwa na watu kama 3,100, na nusu ya wafuasi wake wako Dar. Mama anasambaza kwa bodaboda ndani ya jiji, na kumtumia mtu wa Mwanza chupa moja kwa basi hakuna anayeona faida yake. Wanaomhusu kwa hakika basi ni watu kama 1,600. Hiyo ndiyo namba ya kujadilia bei, wala si 42,000.

Soma na komenti za posti zake za nyuma. Mioyo na moto mfululizo havina maana kubwa. Watu wakiuliza "bei gani?", "unatumia mara ngapi?", "mimi nywele zangu zinakatika, itanifaa?", hapo pana wanunuzi.

Sasa hesabu ya chupa. Chupa moja inauzwa shilingi 18,000, na mafuta, chupa na lebo vinagharimu 7,000, kwa hiyo inabaki 11,000. Usafiri analipa mteja. Ili kujua nani ametoka kwa influensa, mama anaweka msimbo wa punguzo: anayetaja neno PILIPILI anapata chupa kwa 16,000. Kinachobaki kinashuka hadi 9,000. Akilipa laki nne taslimu na kutuma chupa mbili za bure zilizomgharimu 14,000, inabidi auze chupa 46 kwa msimbo huo ndipo arudishe pesa yake. Kati ya watu 1,600 wanaomhusu, anahitaji mmoja katika kila 35 anunue. Kwa bidhaa isiyojulikana, huo ni mlima.

Kwa hiyo anajibu hivi: "Mdogo wangu, laki nne kwangu ni nyingi kwa mara ya kwanza. Nina laki na nusu, halafu kila chupa itakayouzwa kwa msimbo wako nakupa 1,500. Ukiniuzia nyingi utapita hiyo laki nne." Sentensi ya mwisho ina utamu wa biashara ndani yake. Ili afike huko dada atahitaji kuuza chupa 167, jambo ambalo wote wawili wanajua ni gumu. Lakini mpango wenyewe ni wa haki: hatari imegawanywa. Kinachobaki kwa kila chupa ya msimbo sasa ni 7,500, na pesa ya mama inarudi zikiuzwa 22. Hapo mtu anaweza kujaribu.

Wako mainfluensa wanaokataa kamisheni kabisa, na wana hoja. Wao hawadhibiti kasi yako ya kujibu ujumbe. Wakikuletea watu mia, ukawaacha inboksi hadi kesho yake, kamisheni yao inafia mikononi mwako. Ndiyo maana malipo ya mchanganyiko, ada ndogo ya uhakika na kamisheni juu yake, huwa rahisi kukubalika kuliko kamisheni tupu.

Wakishapatana bei, waandike. Si lazima mwanasheria. Ukurasa mmoja unatosha, au hata ujumbe mrefu wa WhatsApp ambao kila mmoja ameujibu "nimekubali". Useme ni posti ngapi na stori ngapi, tarehe na saa gani, na posti itakaa kwenye ukurasa kwa muda gani bila kufutwa. Stori hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo zitaje siku zake: tatu kwa mkupuo mmoja si sawa na tatu zilizotawanywa wiki mbili. Kwa siku 14 dada asitangaze mafuta mengine ya nywele. Mama naye aruhusiwe kuitumia video hiyo kwenye ukurasa wake, na kama anataka kuilipia Instagram iwafikie watu wengi zaidi, aombe ruhusa hiyo mapema, kwa sababu wengi huitoza bei yake peke yake. Nusu ya ada ilipwe mwanzoni, nusu siku ya 7 baada ya dada kutuma skrinshoti za takwimu za posti. Kamisheni ihesabiwe kwa oda zilizolipwa tu. Bodaboda akifika na mteja hapokei simu, hiyo si mauzo.

Kipengele cha maneno yatakayosemwa ndicho kinachosahaulika sana. Influensa akisema mafuta yako yanaotesha nywele kwa wiki moja, mteja hatamdai yeye, atakudai wewe. Mwandikie yanayoruhusiwa: yanalainisha, yanapunguza kukatika wakati wa kuchana. Mengine yaachwe. Na iwe wazi kwa watazamaji kwamba ni tangazo la kulipiwa. Instagram ina alama yake ya ushirikiano wa kulipwa, itumike. Upande wa pili, dada naye ana haki ya kuuliza kama bidhaa imesajiliwa. Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa TBS mwaka 2019, na soko letu lina krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki kiasi kwamba influensa asiyeuliza anacheza na jina lake.

Kodi nayo itajwe kabla ya pesa kutumwa. Kenya ilianza kukata asilimia 5 ya malipo ya watengeneza maudhui wa mtandaoni kwa Sheria ya Fedha ya 2023, na Tanzania ikafuata kwa sheria yake ya 2024. Kwa laki na nusu ni shilingi 7,500. Si nyingi, ila ikiwa hamkusema ni laki na nusu kabla au baada ya kukatwa, mtagombana kwa hiyo hiyo.

Tufike kwenye kupima. Msimbo peke yake hautoshi, kwa sababu watu husahau kuutaja. Msaada mzuri ni kiungo cha WhatsApp kinachofungua ujumbe ulioandikwa tayari, ambao mteja anabonyeza tu kutuma. Dada anakibandika kwenye stori:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=PILIPILI%20naomba%20mafuta
```

Weka namba yako kwa kuanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno. Kila ujumbe unaoingia ukianza na PILIPILI umejulikana ulikotoka, na kwenye WhatsApp Business unaubandika lebo usichanganyike na mingine. Ukiwa na mainfluensa wawili, kila mmoja awe na neno lake.

Pembeni kuwe na daftari. Tarehe, namba ya simu ya mteja, chupa ngapi, msimbo upo au haupo, amelipa au bado. Namba ya simu ndiyo muhimu kuliko zote, na muda si mrefu itaonekana kwa nini.

Siku 14 zimepita na mama ameuza chupa 61, moja kwa kila mteja. Zilizolipwa kwa msimbo ni 34. Hapo wengi husimama: chupa 34 mara 16,000 ni shilingi 544,000, kampeni imefaulu, tumwite tena. Subiri kwanza. Ukilinganisha namba za simu na daftari la zamani, 6 kati ya hao 34 ni wateja wa siku zote. Waliona stori, wakachukua punguzo kwa chupa ambazo wangezinunua kwa bei kamili. Wapya wa hakika ni 28. Upande mwingine, kwa kawaida mama huuza chupa 20 kwa wiki mbili, na sasa kauza 61. Ongezeko ni 41. Pengine baadhi ya wasiotaja msimbo nao walitoka kwa dada; pengine ni mwisho wa mwezi na watu wamepokea mshahara. Ukweli uko kati ya 28 na 41, na mwenye duka mkweli huzitaja zote mbili.

Gharama ya kampeni: ada 150,000, kamisheni ya chupa 34 ni 51,000, punguzo walilopewa watu 34 ni 68,000, chupa za bure 14,000. Jumla 283,000. Kila chupa ya ziada ingebakiza 11,000 kabla ya gharama hizo. Kwa chupa 28 zinapatikana 308,000, faida ni 25,000. Kwa chupa 41 zinapatikana 451,000, faida ni 168,000. Mama amepata, lakini si zile 544,000 zilizomfurahisha. Na kama angelipa laki nne taslimu kama alivyoombwa, gharama zingefika 482,000. Hata kwa hesabu ya juu kabisa angepoteza 31,000, huku inboksi yake ikiwa imejaa pongezi.

Kinachobaki kupimwa ni kama wale 28 watarudi. Mafuta ya nywele huisha baada ya wiki kadhaa, na namba zao ziko kwenye daftari. Wakirudi kumi kwa bei kamili bila kutangaziwa tena, ni shilingi 110,000 nyingine ambazo dada amezileta, na ukija kujadili naye mkataba wa pili zihesabu upande wake.

Kampeni ya kwanza usiipange wiki ya sikukuu wala mwisho wa mwezi. Ipange wiki za kawaida, ambazo unajua bila kubahatisha huuza chupa ngapi.