Tovuti ya ndani yafunguka kwa mmoja, kwa mwingine yagoma

Chukua mfano wa mhasibu anayeandika mishahara.kampuni.example kwenye Firefox. Badala ya ukurasa wa mishahara anapata onyo kwamba cheti cha usalama hakilingani na jina la tovuti. Mwenzake wa meza ya pili, kwenye mtandao uleule, anaufungua bila shida. Seva ya mishahara ni nzima na waya ni mzima. Kilichowatenganisha ni seva ambayo kila kivinjari kimeiuliza anwani.

Jina la tovuti haliwezi kutumika kabla halijageuzwa kuwa anwani ya namba, na kazi hiyo hufanywa na seva ya DNS. Kwa kawaida kompyuta ya ofisini huiuliza seva ya kampuni kupitia poti 53, na swali huenda wazi, aliyepo njiani akitaka kulisoma analisoma. Oktoba 2018 ulitolewa mwongozo RFC 8484, unaoeleza namna ya kulificha swali hilo ndani ya HTTPS na kulipitisha poti 443, pamoja na kurasa nyingine zote. Faida yake ni ya kweli: mwenye waifai ya hotelini haoni tena maswali yako ya DNS. Lakini kivinjari kilichowashiwa ulinzi huu huiruka seva ya kampuni na kuuliza ya nje, kama ile ya Cloudflare, isiyojua lolote kuhusu majina ya ndani ya ofisi yako.

Hapo watu wengi hudhani kila jina la ndani litakufa. Sivyo. Kwenye kiwango cha Increased Protection, Firefox ikiambiwa na seva ya nje kwamba jina halipo, hurudi kuuliza seva ya ofisi, na ukurasa unafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, ingawa jina la ndani limekwisha kutajwa nje. Balaa huja pale seva ya nje inapokuwa na jibu. Katika mfano wetu, aliyeisajili tovuti ya kampuni aliweka rekodi ya nyota, *.kampuni.example, ili jina lolote lisiloandikwa lielekezwe kwenye seva ya matangazo, 203.0.113.10. Ndani ya ofisi, mishahara iko 10.20.0.15. Kwa hiyo jina moja lina majibu mawili, na Firefox, ikishapata la nje, haina sababu ya kuuliza tena. Inabisha hodi kwenye seva ya matangazo, inapewa cheti kisicholingana, na mhasibu anaona onyo.

Kinachowachanganya mafundi ni kwamba vipimo vyao vya kawaida havioni kosa:

```
nslookup mishahara.kampuni.example
```

Amri hii inaiuliza seva ya ofisi, nayo inajibu 10.20.0.15, sahihi kabisa. Fundi anahitimisha kwamba DNS iko sawa na kuanza kukagua seva ya mishahara. Angefungua about:networking#dns ndani ya Firefox yenyewe, angeona jina lile likiwa na 203.0.113.10, na kwenye safu ya TRR neno true, maana yake jibu limetoka nje.

Mozilla waliacha njia ya kuzuia. Kabla ya kuwasha ulinzi huu kwa chaguo-msingi, Firefox huuliza seva ya ofisi jina use-application-dns.net, ikijibiwa kwamba halipo, hauwashi. Kwenye seva ya Unbound ni mstari mmoja:

```
local-zone: "use-application-dns.net." always_nxdomain
```

Lakini ishara hii haina nguvu kwa mtu aliyeuwasha kwa hiari yake, na huo ni uamuzi mzuri: mtandao wowote ukiweza kuuzima ulinzi uliouchagua mwenyewe, ulinzi huo hauna maana. Kwa kompyuta ambazo ni mali ya kampuni kuna faili la policies.json, ambamo majina ya ndani hutengwa na mengine yote yakabaki yamefichwa:

```
{ "policies": { "DNSOverHTTPS": {
    "Enabled": true,
    "ExcludedDomains": ["kampuni.example"] } } }
```

Naipendelea njia hii kuliko kuzima kila kitu, kwa sababu kompyuta hiyohiyo kesho itakuwa kwenye waifai ya uwanja wa ndege.

Simu na kompyuta binafsi za wafanyakazi hazisomi faili hilo. Kwao dawa iko kwenye majina yenyewe: ondoa rekodi ya nyota na uandike nje yale tu yanayotakiwa kuonekana nje. Baada ya hapo seva ya nje itajibu kwamba mishahara haipo, na Firefox itageukia seva ya ofisi. Aliyechagua Max Protection hatanufaika, kwa kuwa kiwango hicho hakiulizi seva ya ofisi kimyakimya. Wala aliyechagua mwenyewe mtoa huduma wa Secure DNS kwenye Chrome. Hao itabidi wauzime au wapunguze kiwango wakiwa kazini.