Daftari la Atachimenti: Somo Lililomo Ndani ya Kikasha cha Chanjo

Wazazi wengi huwapeleka mabinti zao kwenye mafunzo ya kazini, maarufu kama atachimenti, kisha daftari la kumbukumbu likarudi nyumbani limejaa sentensi za namna hii: “Leo nilisaidia katika kliniki ya watoto.” Msimamizi ametia sahihi na mhuri umegongwa, lakini ukimuuliza mwenye daftari amejifunza nini siku hiyo, ukurasa hausemi kitu. Juma hili tunautazama mfano mmoja wa mwanafunzi wa uuguzi, ili tuone ukurasa wenye faida huandikwaje.

Darasani mwanafunzi hufundishwa kuwa chanjo huhifadhiwa kwenye friji baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za selisiasi. Hufundishwa pia kuhusu alama iliyobandikwa kwenye chupa, yaani duara lenye mraba mweupe ndani yake. Chupa ikipatwa na joto, mraba hukolea kidogo kidogo; ukifikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki tena. Kwa sisi wa Pwani, ambako jua ni kali, ni rahisi mwanafunzi kudhani kuwa adui wa chanjo ni joto peke yake.

Sasa tuseme amepangwa katika zahanati, na asubuhi moja anaambiwa atayarishe kikasha cha kubebea chanjo kwenda kijijini. Anatoa vipakiti vya barafu kwenye friza na kuanza kuvipanga ndani. Muuguzi anamzuia. Anamwambia avilaze mezani kwanza, kisha kila baada ya muda avitikise karibu na sikio. Barafu ikianza kucheza na maji yakasikika ndani, hapo ndipo vipakiti vitakapofaa.

Sababu yake ni hii. Barafu iliyotoka kwenye friza huwa chini ya nyuzi 0, nayo huweza kuigandisha chupa inayoigusa. Chanjo kama ile ya pepopunda, na ile ya pentavalenti inayokinga watoto na maradhi matano, zina chumvi ya alumini ya kuzipa nguvu. Zikiganda, chumvi ile hujikusanya mabonge na chanjo hupoteza nguvu yake, hata ikiyeyuka tena. Na ile alama ya chupani haitasema lolote, kwani hupima joto tu, haipimi kuganda. Mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani ametulia moyo, na kumbe kinga huenda haipo.

Basi jioni mwanafunzi aandike nini? Kwa maoni yetu, mambo manne, kila moja kwa sentensi moja au mbili:

“Nilichofanya: nilitoa vipakiti vinne kwenye friza saa 1:10 asubuhi, maji yalisikika saa 1:50, ndipo nikapanga kikasha.

Somo la darasani: nyuzi 2 hadi 8, zisishuke chini ya hapo.

Nilichokiona kipya: alama ya chupani haionyeshi kuganda.

Swali langu: tukishuku kuwa chupa imeganda, tutajuaje?”

Swali hilo la mwisho ndilo linaloifungua siku ya pili. Msimamizi aweza kumwonyesha jaribio la kutikisa. Huchukuliwa chupa ya chanjo ileile, ya mtengenezaji yuleyule na ya toleo lilelile, ikagandishwa kwa makusudi kisha ikayeyushwa. Hutikiswa pamoja na ile inayoshukiwa, zikawekwa kando kwa kando. Ile inayoshukiwa ikituama chini upesi sawa na iliyogandishwa, au upesi zaidi, haitumiki. Uamuzi huo ni wa msimamizi. Kazi ya mwanafunzi ni kutoa taarifa mara moja na kuandika alichokiona.

Yako mambo mawili ya kuchungwa. Kwanza, daftari lisiwe na jina la mgonjwa wala la mtoto yeyote, kwani siri ya kliniki ni amana. Pili, lisiandikwe kwa kubuni. Joto la friji husomwa asubuhi na jioni, hata siku za mapumziko. Ukiona jedwali la juma zima lina nyuzi 4 kila mahali, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ni haki kushuku kuwa limejazwa kwa kikao kimoja. Nafasi iliyoachwa wazi ni afadhali kuliko nambari ya uongo, kwa kuwa humwonyesha msimamizi ni saa zipi ambazo friji haikuangaliwa.

Mzazi asiyesomea uuguzi naye aweza kusaidia. Binti arudipo jioni, usiishie kumuuliza kama amechoka. Muulize: “Leo umeona nini ambacho kitabu hakikukwambia?” Kisha umwachie nafasi akiandike kabla hajalala, maana saa 1:50 ya leo, ikifika Ijumaa, itakuwa imekwisha kusahauliwa.