Wamekula wote, au wamekula vyote?

Sentensi mbili za Kifaransa zinatofautiana kwa herufi moja: «Ils ont tout mangé» na «Ils ont tous mangé». Ya kwanza inasema wamekula kila kitu, sufuria imebaki tupu. Ya pili inasema wamekula wote, hakuna aliyelala njaa, hata kama chakula kimesalia. Ukizitamka, «tout» ya kwanza inasikika «tu», kama tu yetu ya Kiswahili, na «tous» ya pili inasikika «tus». Ukiimeza s hiyo umetoa habari nyingine kabisa.

Kinachowachanganya wanafunzi, kuanzia Bukavu hadi Bujumbura, ni kwamba «tous» hiyohiyo mahali pengine haina s mdomoni. «Tous les enfants», yaani watoto wote, ni «tu lezanfan». Hapa «tous» ni kivumishi: imeegemea jina na kulifuata kwa jinsia na idadi, ndiyo maana tunaandika «tout le pain», «toute la nuit», «tous les jours», «toutes les filles». Jina likiondoka, «tous» ikasimama peke yake kama kiwakilishi, s inaamka: «Ils sont tous venus», «Bonjour à tous», «nous tous», zote kwa «tus».

Sababu ni ya zamani. Konsonanti za mwisho wa maneno ya Kifaransa zilikufa kwanza pale neno lilipobanwa na konsonanti ya neno lililofuata. Neno liliposimama penye pumziko, au kubeba mkazo lenyewe, konsonanti ilidumu zaidi. Namba sita, «six», ina tabia hiyohiyo: «six livres» ni «si», lakini ukiulizwa una vitabu vingapi ukajibu «six» peke yake, ni «sis».

Walimu wengi hufundisha njia ya mkato: ukiona «les» baada ya «tous», nyamazisha s. Inafaa mara nyingi, ila ina shimo. Linganisha «tous les connaisseurs» na «tous les connaissent». Ya kwanza ni wajuzi wote, nayo ni «tu». Ya pili ni «wote wanawafahamu». «Les» hapo si kitangulizi cha jina bali ni kiwakilishi cha wanaofahamika, na «tous» ndiyo mtenda. Kwa hiyo ni «tus». Afadhali ujiulize: je, «tous» imeshika jina, au imesimama yenyewe? «Tous ceux» na «tous les deux» nazo zina cha kushika, hivyo s inalala.

Tahadhari moja kwa sisi tuliozoea maneno yanayoishia kwa irabu: usimalizie kwa i. «Tus» ikawa «tusi», na hilo si neno la kumsalimia mtu.

Kuna kazi ya tatu, nayo ndiyo yenye vituko. «Tout» ikiwa kielezi ina maana ya «kabisa», na kielezi cha Kifaransa kwa kawaida hakibadiliki: «ils sont tout contents», wamefurahi kabisa, kwa «tu». Weka «tous» mahali pake, «ils sont tous contents», inakuwa «tus»: wote wamefurahi. Lakini mbele ya kivumishi cha kike kinachoanza na konsonanti, kielezi hiki kinavunja kanuni na kukubali ukike: «elle est toute contente», «elles sont toutes contentes». Kivumishi kikianza na irabu, kinarudi kuwa «tout»: «elle est tout étonnée».

Inaonekana ni ukorofi mtupu, mpaka usikilize. «Toute contente» ni «tut kontant». «Tout étonnée» nayo ni «tutetone», kwa sababu t ya mwisho huungana na irabu inayofuata. Sikio linapata «tut» pande zote mbili. Ni tahajia tu iliyoona haina haja ya kuongeza e pale ambapo t imeshasikika. H nayo ina aina mbili: «tout heureuse», kwa kuwa h yake haihesabiki, lakini «toute honteuse», kwa kuwa h ya «honteuse» hukataa kuunganishwa. Kanuni hiyo iliwachosha hata Wafaransa: amri ya Wizara ya Elimu ya Ufaransa ya tarehe 26 Februari 1901 iliwaruhusu watahiniwa kuandika «toutes heureuses» kwa maana ya kielezi bila kuhesabiwa kosa.

Linabaki fundo moja ambalo tahajia wala matamshi hayalifungui. «Elles sont toutes contentes»: wanawake wote wamefurahi, au wamefurahi kabisa? Maandishi ni yaleyale, sauti ni ileile. Anayetaka kueleweka huipanga upya: «toutes sont contentes» kwa maana ya wote, «elles sont tout à fait contentes» kwa maana ya kabisa.