Ukurasa Unaobeba Bima ya Gari

Mwenye gari akikata bima kubwa hukabidhiwa kabrasha nene. Sehemu kubwa yake ni masharti yanayowahusu wateja wote. Yanayomhusu yeye yamo kwenye jedwali, ukurasa mmoja au miwili yenye namba ya gari, tarehe za bima, thamani iliyokatiwa, matumizi na kiasi atakachochangia mwenyewe ajali ikitokea.

Kiasi hicho ndicho kinachozua ugomvi mwingi. Tuseme jedwali la mwalimu mmoja wa Morogoro linasema: asilimia 10 ya dai, isiyopungua shilingi 500,000. Amegonga nguzo, na gharama ya bampa, boneti na taa imekubaliwa kuwa shilingi 3,000,000. Asilimia 10 ni 300,000, lakini kwa kuwa kima cha chini ni 500,000, hicho ndicho kinachokatwa. Kampuni inalipa 2,500,000. Angekwaruza mlango tu kwa 400,000, asingelipwa kitu, na hapo hajadhulumiwa. Jedwali lilisema tangu mwanzo. Asome pia mistari ya chini yake, maana mara nyingi mchango hupanda gari likiibwa, au likiendeshwa na kijana au mtu mwenye leseni changa.

Yasiyolipwa hayaandikwi yote kwenye jedwali. Mengi yako ndani ya kabrasha: dereva asiye na leseni ya aina ya gari hilo, dereva mlevi, giaboksi iliyokufa kwa uchakavu. Ila moja huanzia kwenye jedwali lenyewe, nalo ni mstari wa matumizi. Ukisema "binafsi", na mwalimu huyo akaanza kubeba abiria wa kulipa jioni, ajali ya safari hiyo inaweza kukataliwa hata kama ada yote imelipwa. Chini kabisa huorodheshwa viambatisho, pengine kwa namba tu. Kila kimoja huongeza au hupunguza kinga, kwa hiyo namba isiyo na maelezo idaiwe maelezo yake.

Mtego mwingine umejificha kwenye thamani. Wapo wanaoishusha ili ada ipungue. Gari la shilingi 20,000,000 likiandikwa 15,000,000, limekatiwa bima robo tatu tu. Penye sharti la uwiano, uharibifu wa 8,000,000 huhesabiwa kuwa 6,000,000, kisha mchango nao unakatwa. Mwalimu aliyeokoa kidogo kwenye ada anabaki na pengo la zaidi ya milioni mbili.

Akiona kosa, amwandikie wakala au kampuni, na adai kiambatisho cha marekebisho chenye tarehe na sahihi. Ahadi ya simu haitampa cha kuonyesha siku mkaguzi wa hasara atakapokuja kulitazama gari gereji.