Aliyeandika "Shikamoo" tu: kweli na si kweli kwa anayejibu

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye dawati la ujumbe la kampuni ya mabasi, skrini inaonyesha meseji mpya: "Shikamoo." Basi. Hakuna jina, hakuna safari, hakuna tarehe. Chini yake ipo nyingine kutoka namba tofauti, na hiyo haina hata herufi moja. Mhudumu wa zamu anatakiwa kuzijibu zote mbili, na hajui zimeandikiwa wapi. Ofisi nyingi siku hizi hukusanya SMS, WhatsApp, Messenger na dirisha la maongezi la tovuti kwenye skrini moja. Kinachomfikia mhudumu mara nyingi ni maandishi na namba tu, bila simu wala programu aliyoshika mteja.

Kazi hii ina imani zake, ambazo wahudumu wapya hurithishwa na wenzao waliowatangulia. Nyingine zina msingi. Nyingine zinapoteza wateja kila siku.

"Anayesalimu bila kusema shida hana shida."

Si kweli. Aliyezoea kupiga hodi kabla ya kuingia haanzi na "mzigo wangu uko wapi?" Anasalimu, anasubiri kuitikiwa, ndipo anaeleza. Wengi pia wanaijaribu namba. Wameipata kwenye tiketi ya zamani au kwa jirani, na wanataka kujua kama kuna mtu upande wa pili kabla hawajaandika maelezo marefu kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo salamu iitikiwe, tena kwa mwitikio wake. "Shikamoo" huitikiwa "Marahaba", hata kama mhudumu ana miaka 22, kwa sababu anayejibu pale ni ofisi. "Assalaam alaikum" ina jibu lake, "Bwana asifiwe" ina jibu lake, na "Mambo" haihitaji kurudishiwa "Mpendwa mteja, asante kwa kuwasiliana nasi". Kinachokatazwa ni kuongeza usichokijua. "Marahaba mwanangu" ni kukisia umri, na "karibu dada" ni kukisia jinsia kwa jina la wasifu ambalo huenda ni la mwenye simu, wala si la anayeandika. Simu moja nyumbani hutumiwa na watu wanne.

Ila kuitikia peke yake hakutoshi. Ukijibu "Marahaba" ukanyamaza, umemrudishia mtu mpira, na kama yuko kwenye SMS anaweza kukatwa pesa kwa kila meseji anayokutumia. Mwitikio na swali viende pamoja.

"Ujumbe mtupu ni wa aliyebonyeza kwa bahati mbaya."

Nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza. Kitochi kikiwa mfukoni kinaweza kutuma SMS isiyo na neno, na mtoto akishika simu anaweza kutuma nafasi tupu au nukta. Lakini kwenye skrini inayokusanya njia nyingi, utupu mara nyingi unatokea upande wa ofisi. Mteja ametuma sauti, picha ya risiti, stika au mahali alipo kwenye ramani, na mtambo wa ofisi haukuandaliwa kuonyesha kitu cha aina hiyo. Mtambo unaandika namba na saa, halafu panapotakiwa kuwa na maneno panabaki peupe. Mteja kwenye simu yake anaiona picha imetumwa vizuri kabisa. Anasubiri.

Utajuaje? Kwanza, angalia kama mtambo una sehemu ya maelezo ya ujumbe. Mingi huandika aina yake hata pale inaposhindwa kuuonyesha. Pili, angalia kilichotangulia. Utupu unaokuja baada ya ofisi kuuliza "una risiti?" karibu kila mara ni picha ya risiti. Tatu, angalia kama meseji tupu zinarudi kutoka namba tofauti kwa saa zilezile. Hapo tatizo si la wateja, na fundi aitwe.

WhatsApp ina utupu wake mwingine. Ujumbe unafika lakini haujafunguka, na badala ya maneno unaona taarifa kwamba unasubiriwa. Ujumbe umefungwa kwa ufunguo, na simu ya mtumaji haijabadilishana ufunguo huo na ya kwako ipasavyo. Mara nyingi hufunguka mtumaji akifungua WhatsApp tena. Kumwambia "hujaandika kitu" wakati ameandika aya tatu ni kumtukana bila kukusudia.

Ndiyo maana jibu la ujumbe mtupu lieleze ulichokiona wewe, lisimweleze yeye alichofanya: "Habari. Ujumbe wako umefika lakini kwetu hauonyeshi maneno. Kama ulituma picha au sauti, hatujaiona. Tafadhali tuandikie kwa maneno." Halimlaumu mtu, halidai amekosea, na linafaa hata kwa yule ambaye mtoto wake ndiye aliyebonyeza.

"Ukiona namba ya simu, ujue ni WhatsApp."

Si kweli, na hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika. Namba hiyohiyo inaweza kuwa imeandika kwa SMS. Mhudumu anakisia, anajibu: "Bonyeza kitufe cha kijani hapo chini, kisha tuma picha ya tiketi." Aliyeshika kitochi hana kitufe cha kijani zaidi ya kile cha kupigia, na akikibonyeza anajikuta anapiga simu kwenye namba isiyopokea simu.

Tumfuatilie yule wa "Shikamoo". Jibu la kwanza linaweza kuwa hili:

"Marahaba. Hapa ni dawati la tiketi na mizigo. Ujumbe wako umefika. Tukusaidie nini?"

Ukihesabu herufi, alama na nafasi, zipo 83. SMS moja ya herufi za kawaida hubeba 160, kwa hiyo jibu linakwenda kama meseji moja. Sasa weka emoji moja ya tabasamu mwishoni. Emoji haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS, hivyo meseji nzima inahamia seti nyingine ambayo hubeba 70 tu. Jibu lilelile linakuwa vipande viwili, ofisi inatozwa mara mbili, na simu nyingine za zamani zinaonyesha kisanduku badala ya tabasamu.

Kwa Kiswahili kuna mtego ambao wengi hawaujui. Kitone cha juu kwenye "ng'ombe" au "ng'oa" kinaweza kuandikwa kwa namna mbili. Kilichonyooka (') kimo kwenye seti ya kawaida. Kilichopinda (’), ambacho programu za kuandikia kwenye kompyuta hukiweka zenyewe, hakimo. Jibu lililoandaliwa kwenye kompyuta likiwa na neno "ng’ambo" linaweza kugawanyika kama lenye emoji, na wahasibu wanabaki wakijiuliza gharama za SMS zimepandaje. Mitambo mingine hukibadilisha yenyewe kabla ya kutuma, mingine haibadilishi. Jaribu mtambo wa ofisi yako kwa kujitumia meseji na kuangalia imehesabiwa vipande vingapi.

Nyota nazo ni hivyohivyo. WhatsApp hugeuza *neno* kuwa wino mzito, ilhali kwenye SMS mteja anaona nyota mbili zilizoning'inia. Kwa hiyo, hadi uwe na uhakika wa njia, andika maneno matupu: yasiyo na emoji, nyota, "hapo juu", "kitufe" wala kiungo kinachohitaji bando. Maneno matupu yanasomeka kila mahali.

Turudi kwa yule wa "Shikamoo". Anajibu: "Mzigo wangu haujafika toka jana." Hapa mhudumu hana haja ya kujua yuko kwenye njia gani. Anahitaji namba ya risiti. Akisema "tuma picha ya risiti" amekisia tena. Akisema "Pole sana. Tuandikie namba iliyo kwenye risiti ya mzigo na jina la kituo ulikoutuma", mwenye kitochi anaweza, na mwenye simu kubwa anaweza pia. Akipenda mwenyewe kutuma picha, utajua.

"Maneno ya kwanza ni ya mteja mwenyewe."

Si mara zote. Kwenye WhatsApp ofisi inaweza kutengeneza kiungo kinachomwandikia mteja maneno tayari:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari
```

Anayekigusa anakuta "Habari" imeshaandikwa, kazi yake ni kutuma tu. Kwenye Telegram, mazungumzo na roboti ya ofisi huanza kwa kubonyeza kitufe kinachotuma `/start`. Ukiona salamu ileile, herufi kwa herufi, kutoka kwa watu kumi tofauti asubuhi moja, uliza idara ya matangazo imetoa kiungo gani. Hiyo ni ishara ya haki, kwa sababu unaijua kutoka ndani ya ofisi yako. Kukisia ni pale unapochukua "Habari" moja ukamjengea mtu simu, umri na shida.

"Mtu akinyamaza, mpe orodha yote achague."

Si kweli. Orodha ya huduma kumi kwa aliyesema "Mambo" ni makisio kumi kwa pamoja, na kwenye SMS inaweza kugawanyika vipande kadhaa. Swali moja la wazi linatosha. Orodha fupi isubiri hadi ionekane mtu ameshindwa kueleza.

"Salamu tupu haina faida kwa ofisi, inaweza kusubiri."

Si kweli hata kidogo. Kwa ofisi zinazotumia WhatsApp ya biashara kupitia mtambo, ujumbe wa mteja, hata ukiwa "Hi" peke yake, hufungua muda wa saa 24 ambao ofisi inaruhusiwa kumjibu kwa maneno yake yenyewe. Muda huo ukipita bila mteja kuandika tena, ofisi inabaki na ujumbe wa mfano ulioidhinishwa mapema. Salamu ya Ijumaa jioni iliyoachwa hadi Jumatatu imeshafunga mlango, na mhudumu wa Jumatatu hawezi tena kuandika tu "Samahani kwa kuchelewa".

Mtu akisalimu, akajibiwa, kisha akanyamaza, mkumbushe mara moja kabla saa hizo hazijaisha: "Bado tupo. Ukiwa tayari tuandikie." Usimwandikie mara tatu. Wala usimfungie kwa "Kwa kuwa hujajibu, tunafunga mazungumzo haya"; huenda alikuwa anapanda basi, au salio limeisha.

Kama wewe ndiye unayeandaa majibu ya ofisi yako, chukua leo jibu lenu la kwanza, jitumie kwa SMS kwenye simu ya kitochi, ulisome pale. Chochote kisichoeleweka kwenye kioo kile kiondoe.