Barua Pepe Yenye Kichwa Pasipo Maelezo: Namna ya Kuijibu

Katika barua ya kiofisi, mstari wa YAH: humweleza msomaji jambo linalohusika, na maelezo hufuata chini yake. Barua pepe nayo ina sehemu hizo mbili. Hata hivyo, taratibu za kiufundi zinazoongoza barua pepe hazimlazimishi mtumaji kujaza sehemu ya maelezo. Kwa sababu hiyo, barua yenye kichwa peke yake husafirishwa na kupokelewa kama nyingine yoyote.

Tuseme wewe ni mfanyabiashara wa maharage mjini Sumbawanga. Umekusanya mzigo kutoka Laela na Matai, na mnunuzi wako yuko Mbeya. Asubuhi unapokea barua pepe yenye kichwa "Malipo ya magunia 40". Unaifungua, na ndani hamna hata neno moja.

Huenda jambo hilo halina ubaya wowote. Mnunuzi anaweza kuwa amegusa kitufe cha kutuma kabla hajamaliza kuandika, au ametumia simu na kuandika ujumbe wote kwenye kichwa kana kwamba ni ujumbe mfupi. Inawezekana pia alikusudia kuambatisha stakabadhi ya benki, akaisahau.

Lakini mtu mwenye nia mbaya naye hunufaika na barua tupu. Mitambo ya kuchuja barua taka hupima, pamoja na mambo mengine, maneno na viungo vilivyomo ndani. Pasipo maneno, ushahidi wa kupima hupungua. Ukimjibu, unamthibitishia kuwa anwani yako inasomwa na mtu. Tena, ikiwa majibu yako huambatana na jina la biashara na namba ya simu, unakuwa umempa vyote viwili. Barua yake ya pili ndiyo itakayoleta ombi lenyewe, kwa mfano kwamba akaunti ya malipo imebadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu, tazama anwani kamili ya mtumaji, kwani jina linaloonekana juu linaweza kuandikwa na yeyote. Kwenye programu ya Gmail ya simu, gusa mshale mdogo ulio chini ya jina la mtumaji ili anwani ionekane. Ilinganishe, herufi kwa herufi, na ile iliyo katika barua zenu za zamani. Herufi "rn" zikikaribiana hufanana na "m", na tarakimu 1 hufanana na herufi "l". Kisha gusa kitufe cha kujibu bila kutuma, utazame anwani iliyojitokeza kwenye sehemu ya mpokeaji. Ikiwa ni tofauti na ya mtumaji na huitambui, futa jibu hilo.

Anwani ikiwa ngeni, usijibu hata kwa kuuliza "Wewe ni nani?" Iweke kwenye barua taka. Usikubali kuonyesha picha ikiwa programu inakuomba ruhusa, kwa maana barua inayoonekana tupu inaweza kubeba picha ndogo isiyoonekana, inayomjulisha mtumaji kwamba umeifungua.

Anwani ikiwa sahihi, jibu bila kubadilisha kichwa, ili mawasiliano yenu yabaki katika mfululizo mmoja. Taja ulichopokea na kilichokosekana, kisha uliza jambo mahususi:

"Ndugu, nimepokea barua pepe yako ya leo saa 3:15 asubuhi yenye kichwa 'Malipo ya magunia 40'. Ndani haikuwa na maelezo wala kiambatisho. Tafadhali nijulishe kama malipo yamekwisha kufanyika au bado, na kama ulikusudia kuambatisha stakabadhi. Kwa upande wangu, akaunti tuliyokubaliana haijabadilika."

Jibu hili halikisii kilichokusudiwa. Ukiandika "Sawa, nashukuru", mwenzako anaweza kudhani umethibitisha kupokea fedha, nawe ukapakia mzigo ambao haujalipiwa.

Zingatia kwamba anwani sahihi haithibitishi mtu aliyeitumia, kwa sababu akaunti ya mnunuzi inaweza kuwa imeingiliwa. Iwapo barua inayofuata inataja akaunti mpya, au inakuhimiza uachie mzigo haraka, mpigie mnunuzi kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali. Usitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Wala usiruhusu lori liondoke kabla hujaona fedha katika akaunti yako mwenyewe.

Ukibaini utapeli, usifute barua hiyo. Ihifadhi, kisha utoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu. Ikiwa madai ya fedha yamekufikia kwa ujumbe mfupi wa simu, utume ujumbe huo kwenda namba 15040, pamoja na namba ya simu ya aliyeutuma.