Je, Wajua? Chai ya mlo huzuia madini ya chuma

Mwenye upungufu wa damu uliosababishwa na ukosefu wa madini ya chuma, akifika sokoni Kasulu au Kibondo, aanze na dagaa wa Ziwa Tanganyika, nyama au maini. (Mjamzito asizidishe maini, maana yana vitamini A nyingi mno.) Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko kile cha maharage na mchicha.

Maharage yasiachwe, hata hivyo. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yaliwe na dagaa kidogo na kachumbari iliyokamuliwa limau: samaki na vitamini C husaidia chuma cha maharage kuingia mwilini.

Kikwazo ni kikombe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1983 ulionyesha kuwa chai iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 64, na kahawa kwa asilimia 39. Kahawa ya saa moja kabla ya kula haikuzuia kitu. Ile ya saa moja baadaye ilizuia vilevile.

Kwa hiyo chai, hata ya maziwa, isubiri saa mbili hivi baada ya kula. Vidonge vya chuma navyo vimezwe kwa maji.